Jina la Asili Hutangulia

Kazini walimwita Bi Mabano, na yeye hakuchukia. Idara ya uchapishaji ya chuo kikuu ilitoa vitabu vya kitaaluma kwa Kiingereza, lakini waandishi wake walikuwa wamesoma kwa lugha nyingi, na orodha za marejeleo mwishoni mwa miswada yao zilifika mezani kwake zikiwa shaghalabaghala. Mwandishi mmoja aliwapanga waandishi wote wa Kiarabu kwenye herufi A, kwa sababu majina yao yalianza na "al-". Mhariri mkuu, ambaye wote walimwita Mzee Koma, alisema huyo akipewa kitabu cha simu atawapanga watu wote kwenye "Bwana". Mwingine alitafsiri mpaka jina la mwandishi.

Bi Mabano alinyoosha yote hayo bila kelele. Kila mgeni aliyeajiriwa pale alifundishwa naye kanuni ileile, kwa sauti ileile ya mama anayemwonyesha mtoto jinsi ya kufunga kamba za viatu. Jina la asili hutangulia, kwa herufi za mlazo, zile zilizoinama, kama mwenye kitabu alivyolibatiza. Likiwa la Kiswahili, herufi kubwa ni ya neno la kwanza tu na majina ya pekee. Usilivike kofia za Kiingereza kila neno. Likiwa limeandikwa kwa hati nyingine, Kiarabu au Kirusi au Kichina, ligeuze kwanza kwa herufi za Kirumi, kwa utaratibu mmoja usiobadilika. Kisha fungua mabano ya mraba, weka tafsiri ndani, bila mlazo, ufunge.

"Tafsiri inamsaidia msomaji ajue kitabu kinahusu nini," alikuwa akisema. "Jina la asili linamsaidia akipate. Ukimpa tafsiri peke yake, umemwonyesha picha ya nyumba ukamnyima anwani."

Alikuwa na shahada ya uzamivu yeye mwenyewe, ingawa wengi walisahau. Tasnifu yake aliiandika kwa Kiswahili, akaiita *Pole si dawa: Lugha ya kuwafariji wafiwa*. Aliianza mwaka aliofiwa na kifungua mimba wake, mtoto wa kiume aliyekuwa ameanza kukaa bila kushikiliwa. Homa ilimchukua ndani ya siku mbili. Watu wakaja, wakajaza nyumba, wakasema pole. Yeye alikaa mkekani, hana machozi tena, akasikiliza. Akagundua kwamba neno lile moja halikuwa moja. Jirani alilisema kama anayeweka mzigo chini. Shemeji alilisema haraka, apate kutoka nje. Bibi mmoja mzee asiyemfahamu alimshika vidole, akasema, "Pole, mwanangu. Hatujaja kukuondolea. Tumekuja ili usiubebe ukiwa peke yako."

Maneno ya bibi yule ndiyo yaliyokuwa mfano wa kwanza kwenye tasnifu. Mumewe, mhadhiri katika chuo hichohicho, alirudi kazini siku chache tu baada ya mazishi, na kwa muda mrefu hakutaka mtoto atajwe mbele yake. Yeye mke alienda misiba ya watu na kinasa sauti, kwa ruhusa ya wenye msiba, akiomba kusikiliza. Dada yake alidhani amechanganyikiwa. Lakini ni kwenye nyumba za msiba tu alikoweza kuvuta pumzi mpaka ikafika chini.

Miaka ilipita. Walijaliwa binti, wakamwita Kadogo, na jina likamganda ingawa sasa alikuwa kidato cha tatu na alimpita mama yake urefu. Mumewe naye alilainika. Siku moja alimwomba mafaili ya mifano aliyoyakusanya misibani, akasema anaandika kitabu kuhusu lugha na kifo. Bi Mabano alimpa yote. Alifurahi mpaka akapika chakula cha wageni siku ya katikati ya wiki. Aliona kwamba hatimaye mwenzake ameketi naye mkekani.

Mswada ulipofika idara ya uchapishaji, Mzee Koma alimwita ofisini kwake.

"Kitabu cha Baba Kadogo kimepita kwa mhakiki," alisema. "Matini atahariri mtu mwingine, usiguse, watu wana midomo. Lakini marejeleo yana Kiarabu na Kijerumani, na hapa anayeyaweza ni wewe peke yako. Utayafanya, au nitafute mtu wa nje?"

"Nitayafanya," alisema. "Kwani nitampendelea kwa nukta?"

Mzee Koma akacheka, akampa bahasha.

Aliianza kazi asubuhi iliyofuata, na kwa saa nzima alijisikia fahari. Mumewe alikuwa amejifunza. Vitabu vya Kiarabu alivigeuza kwa herufi za Kirumi kama inavyotakiwa, nukta chini ya konsonanti nzito, mistari midogo juu ya irabu ndefu, ile alama ya herufi ayn imepinda inavyopaswa. Waandishi wenye "al-" aliwapanga kwa herufi inayofuata. Kwenye majina ya Kijerumani kila nomino ilibaki na herufi yake kubwa, kwa kuwa ndivyo Wajerumani waandikavyo. Kila jina la asili lilikuwa na mabano yake, na ndani ya mabano tafsiri safi. Alitabasamu peke yake, akasema kimoyomoyo, kumbe alikuwa akisikiliza wakati nikilalamika mezani.

Akafika kwenye herufi yake mwenyewe. Hakuwapo.

Aliangalia juu na chini, labda amepangwa kwa jina la ukoo wa mume. Hakuwapo huko pia. Alidhani orodha imekatwa kwa bahati mbaya, maana mafaili hufanya hivyo. Akafungua karatasi za mhakiki, alizotakiwa kuzisoma ili ahakikishe kila hoja inayohusu marejeleo imeshughulikiwa.

Mhakiki aliandika kwamba kuna kazi moja ambayo sura ya tatu inaitegemea sana, tasnifu, nayo haipatikani katika katalogi yoyote kwa jina lililotolewa. Jina hilo lilikuwa la Kiingereza. Bi Mabano alilisoma mara ya kwanza bila kulitambua, kama mtu anayepishana njiani na ndugu yake aliyevaa nguo za kuazima. Ukilirudisha kwa Kiswahili lingesomeka hivi: Kuomba radhi hakuponyi. Ndipo alipoliona jina lake la ukoo kando yake.

Mumewe alikuwa ameandika tafsiri peke yake. Jina la asili halikuwapo, wala mabano, wala hapakutajwa kwamba kazi ni ya Kiswahili. Na ile tafsiri ilikuwa na kosa, kwa sababu Kiingereza kina neno moja linalobeba pole na samahani kwa pamoja, na yeye alilichukua kwa upande wa samahani. Mtu angesoma katalogi zote za dunia asiipate tasnifu hiyo, kwa kuwa haikuwapo tasnifu ya jina hilo.

"Kama hii ni tafsiri ya jina," mhakiki alimalizia, "mwandishi aweke jina la asili. Kama kazi haithibitiki, iondolewe."

Upande wa pili wa karatasi palikuwa na safu ya majibu ya mwandishi. Kwa hoja nyingine zote mumewe alijibu aya nzima, kwa adabu na maelezo. Kwa hii alijibu neno moja.

"Imeondolewa."

Alikaa. Nje ya dirisha fundi alikuwa akipaka rangi ukuta wa jengo la mbele, juu chini, juu chini, naye alimtazama mpaka mkono wa fundi ukafika pembeni. Kisha akafungua sura ya tatu, ambayo aliambiwa asiiguse. Hakuigusa. Aliisoma tu.

Mifano yake yote ilikuwapo. Jirani aliyeweka mzigo chini. Shemeji mwenye haraka. Mpangilio wake wa aina za pole, kwa utaratibu uleule aliousumbukia miaka minne, na chini ya kila mfano palipokuwa na jina lake sasa palisomeka: data ya uwandani ya mwandishi. Mwanzoni mwa sura, bibi mzee alimshika vidole mwanamke aliyekaa mkekani. Mwanamke huyo aliitwa "mfiwa mmoja".

Sheria ya kazi ilikuwa wazi. Mhariri wa marejeleo haongezi rejeleo kwa mkono wake. Orodha na matini lazima vikubaliane, na anayeamua matini ni mwandishi. Mhariri anachoweza ni kuuliza. Kwa hiyo aliuliza. Aliandika pembeni, kwa lugha ileile aliyomwandikia kila mtu: Mwandishi, mifano ya sura ya tatu inaonekana katika tasnifu ifuatayo. Tafadhali weka rejeleo kamili, jina la asili kwanza, tafsiri katika mabano. Akaandika jina la tasnifu.

Alimpelekea Mzee Koma faili, akasimama mlangoni. Mzee alisoma, akavua miwani, akaifuta na shati, akaivaa tena.

"Keti, binti yangu."

"Nimekaa siku nzima, Mzee."

"Naweza kuipeleka kwenye kamati ya maadili. Hili si jambo la koma. Hapa mtu amekula nyama na mfupa."

"Isahihishwe," alisema. "Kitabu ni kizuri. Sitaki kife."

"Na wewe je?"

Alishika kitasa cha mlango. Mzee alisema swali litatumwa kwa mwandishi kwa barua ya ofisi, kama kawaida, na sahihi itakuwa yake yeye mhariri mkuu. Alimwambia aende nyumbani mapema. Alienda, lakini alizunguka sokoni kwanza, akanunua vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Mumewe alikaa na barua siku kadhaa bila kusema lolote. Walikula pamoja, wakaulizana habari za kutwa, na mmoja alimngoja mwingine aanze. Jumamosi asubuhi Kadogo alikwenda mazoezi ya mpira wa wavu. Bi Mabano alikuwa jikoni akichambua mchele kwenye sinia. Mumewe aliingia na kikombe chake, akakiosha, akakiosha tena.

"Nimepata swali lenu," alisema.

"La ofisi."

"Mama Kadogo, ungeniambia hapa nyumbani."

"Na wewe ungeniambia wapi?"

Alivuta kiti, akaketi. Alieleza kwamba mwanzoni ilikuwa haraka tu. Aliandika rasimu ile alipokuwa masomoni ng'ambo, na ile programu ya kupangia marejeleo ilikuwa na nafasi moja ya jina la kazi, akaandika Kiingereza ili asonge mbele, akisema atarudi.

"Kwa Wajerumani ulirudi," alisema mkewe. "Kwa Waarabu umerudi mpaka kwenye nukta."

"Wale nilijua wasomaji watawakagua."

Bi Mabano alitoa kijiwe kwenye mchele, akakiweka ukingoni mwa sinia. "Sawa. Umesahau. Mtu husahau. Halafu mhakiki akakukumbusha. Alitaka mstari mmoja. Tasnifu iko kwenye rafu sebuleni, jina liko kwenye jalada kwa herufi za dhahabu. Ukasema imeondolewa."

"Ni lugha ya fomu tu."

"Naijua lugha ya fomu. Fomu hiyo niliitunga mimi."

Mumewe alikuwa mtu wa kujibu haraka, na wanafunzi wake walimpenda kwa hilo, lakini pale alionekana anayepapasa ukuta kutafuta swichi. Mwishowe alisema, chinichini, "Kama ningeweka jina lenyewe, angeitafuta akaipata. Angeisoma."

"Angeona nini?"

"Angeona sura ya tatu."

Mchele ulitulia kwenye sinia. Mlango wa jirani ulifunguliwa, mtu akapiga mswaki nje, akatema, akaingia ndani. Bi Mabano alitaka kulia lakini kilio hakikuja.

"Mimi pia nilikuwepo," mumewe alisema ghafla, na sauti ilipanda. "Unasema kana kwamba niliiba kwa mtu baki. Yule bibi alikuja nyumbani kwangu. Yule mtoto alikuwa wangu."

"Alikuwa wako. Sijamkataa mtu mtoto wake."

"Basi na maneno yale ni yangu pia."

"Ya bibi ni ya bibi, na nilimwandika kwamba ni yake. Kuyasikia, ulikuwa nje, Baba Kadogo. Ulikuwa umesimama kando ya gari la mtu unaongea habari za mitihani. Sikukulaumu, kila mtu na njia yake. Mimi njia yangu ilikuwa ile kazi. Nilimlea mwanangu mle ndani, kwa sababu kwingine hakuwapo." Akavuta pumzi. "Ndiye uliyemwondoa."

Mumewe aliweka uso mikononi. Alipoinua, macho yalikuwa mekundu.

"Pole," alisema.

Mkewe alingoja. Alijua kwamba alikuwa akingoja, na alijiona anavyongoja, kama mtu aliyesimama kaunta akisubiri chenji ambayo mwenye duka amesahau.

"Pole, mama. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Kwa yote haya. Kwa yaliyokukuta."

"Yalinikuta yenyewe?"

Pole husemwa na jirani, husemwa na mpita njia. Anayeisema hana alichokifanya, amekuja kusaidia kubeba tu. Bi Mabano aliandika kurasa mia tatu kuhusu jambo hilo. Neno lingine lilikuwapo katika Kiswahili, fupi, halina gharama, watoto wadogo hulisema wakimwaga maji. Alimpa mumewe muda wa kutosha wa kulisema. Kisha akanyanyuka, akaosha mchele, akaubandika jikoni, maana Kadogo angerudi na njaa.

Mumewe alirudisha mswada uliosahihishwa wiki iliyofuata. Safari hii hakuacha kitu. Karibu kila ukurasa wa sura ya tatu ulikuwa na jina la mkewe na mwaka. Maneno "data ya uwandani ya mwandishi" yalifutwa. "Mfiwa mmoja" alibaki hivyohivyo, na hilo Bi Mabano hakutaka libadilishwe. Kwenye orodha tasnifu ilikaa mahali pake kwa herufi za mlazo, *Pole si dawa: Lugha ya kuwafariji wafiwa*, herufi kubwa pale zilipostahili tu, na baada yake mabano ya mraba. Ndani ya mabano alikuwa ameweka tena lile neno la Kiingereza la kuomba radhi.

Bi Mabano alilitazama kwa muda mrefu. Akabeba karatasi mpaka kwa Mzee Koma.

"Hili siwezi kulihariri mimi," alisema. "Ni kazi yangu."

Mzee alisoma. "Tafsiri si sahihi?"

"Si sahihi. Lakini yeye ndiye mwandishi wa kitabu."

"Na wewe ndiye mwandishi wa tasnifu. Kanuni inasemaje? Umetufundisha wewe."

Alisema, polepole, kwamba kazi ikiwa imebeba tafsiri ya jina lake ndani yake, tafsiri hiyo ndiyo ifuatwe. Mtu mwingine asitunge yake.

"Imebeba?"

"Kwenye ikisiri ya Kiingereza. Niliacha neno pole lilivyo, nikatafsiri yaliyobaki."

Mzee Koma alituma mtu maktaba, kitabu kikaja, akafungua kurasa za mwanzo na kunakili mwenyewe kwa kalamu nyekundu. Ndani ya mabano, katikati ya maneno ya Kiingereza, neno pole likakaa kama lilivyo. Alipomaliza alimrudishia kitabu kwa mikono miwili, kama watu wanavyompa mtu mtoto wake.

Orodha ikawa sahihi. Hapakuwa na kosa hata moja, na ndiyo siku ambayo Bi Mabano alienda nyumbani akafungua kabati na kutoa sanduku.

Dada yake mkubwa, aliyempokea kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, alimwekea maji ya kuoga na kumwacha alale kutwa. Siku ya pili alimkalia kitako.

"Mdogo wangu, mimi sikusoma sana. Lakini ndoa ya miaka yote hiyo haivunjwi na mstari wa kitabu. Na mstari wenyewe amekwisha kuurudisha."

"Ameurudisha kwa sababu ofisi ilimwandikia."

"Wanaume hawajui kuomba msamaha, wanajua kurekebisha bomba. Hesabu hilo ni bomba."

Bi Mabano akacheka kidogo, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio. Dada yake alimvuta kifuani. Hakusema pole, alimpigapiga mgongo tu na kusema, "Haya. Haya basi. Haya."

Mumewe alipiga simu mara nyingi. Aliongea habari za Kadogo, za fundi wa paa, za barua zilizofika. Mara moja alisema kwamba nyumba imekuwa kubwa. Mara nyingine alisema kitu kimoja ambacho Bi Mabano alikiwaza baadaye kwa siku nyingi: kwamba tangu mtoto afariki hakuwahi kuisoma tasnifu ile, hata alipotumia mafaili, kwa sababu alijua ukurasa wa kwanza una nani. Alisema alifanya kazi na mifano kama anayechukua vitu kwenye chumba chenye giza bila kuwasha taa.

"Sasa umeisoma?" mkewe aliuliza.

"Nimejaribu. Nimefika kwa yule bibi."

Alisikia pumzi zake kwenye simu. Alimhurumia, huruma ya kweli, iliyomwuma upande wa kushoto. Alimwambia, "Pole, Baba Kadogo." Alimaanisha kila herufi. Naye akajibu asante, wakaagana, na hakuna aliyetaja kurudi.

Kitabu kilizinduliwa kwenye ukumbi wa maktaba, mchana wa Ijumaa. Mzee Koma alimletea kadi ya mwaliko mkononi, akamwambia asipokuja hakuna atakayehoji. Hakwenda. Kadogo, ambaye sasa aliishi huku na huku kati ya nyumba mbili, alikwenda, amevaa gauni la mama yake lililokuwa limeshamfupia. Bi Mabano alibaki kwa dada yake akianua nguo, kwani mawingu yalikuwa yamekusanyika. Alianua shuka moja, akaisahau mikononi, akasimama nayo uani kama aliyeitwa na mtu asiyemwona. Wakati ule, alijua, mumewe amesimama mbele ya watu. Alijua jinsi anavyosafisha koo. Alijua ana shati gani, lile lisilohitaji pasi, kwa sababu mengine hakuwahi kujifunza kuyapiga.

Kadogo alirudi mvua ikianza. Alivua viatu mlangoni, akajibwaga kwenye kochi la mama mkubwa.

"Watu walijaa?" mama yake aliuliza.

"Walijaa. Kulikuwa na sambusa, zikaisha." Akachezea ukosi wa gauni. "Baba alikutaja."

"Alisemaje?"

"Alisema sura ya tatu ni yako. Akataja jina la kazi yako kwa Kiswahili. Mtu mmoja mgeni akauliza maana yake, baba akajaribu kumweleza kwa Kiingereza, akashindwa. Akasimama tu pale. Mpaka yule Mzee wenu akaenda kumshika bega."

Bi Mabano alikunja shuka, pembe kwa pembe. Pembe hazikukutana, akaifungua, akaanza upya.

"Mama."

"Naam."

"Tutarudi nyumbani?"

Alitaka kumpa binti yake jibu lenye mwanzo na mwisho. Alilitafuta kwa uaminifu, akitazama mvua inavyoruka kwenye ukingo wa karo.

"Wewe utakwenda kwa baba kesho, kama kawaida. Mpelekee na yale mashati yake uliyoyaleta, nimeyapiga pasi."

"Na wewe?"

"Mimi sijui, mwanangu."

Kadogo aliitikia kwa kichwa. Alinyanyuka, akashika pembe mbili za shuka, mama yake akashika mbili, wakarudi nyuma hatua chache kila mmoja mpaka kitambaa kikanyooka katikati yao. Kisha wakasogeleana kukikunja.